Bei ya nini? Maswali tunayoulizwa kila siku kuhusu pisi, dazeni, kilo na shilingi za nchi gani

Hii page nimeiandika baada ya kuchoka kujibu kitu kilekile. Mimi nauza vyombo vya ndani Kariakoo, jumla na rejareja, sufuria, glasi, sahani, vikombe, mabeseni, na wateja wangu wengi siku hizi hawafiki dukani, wanaona picha kwenye simu wanatuma hela mzigo unapanda basi. Wapo wa mikoani, wapo wa Mombasa na Nairobi, wapo wa Kampala na Lubumbashi. Nimeshagombana na watu kwa sababu ya neno moja ambalo sikuliandika. Maswali mengine yametoka kwa wateja, mengine kwa wauzaji wenzangu. Namba za bei humu ni za mfano, msije mkanibana nazo dukani.

Kwani lazima niandike bei ni ya nini? Si kila mtu wa biashara anajua glasi zinauzwa kwa boksi?

Ndo nilivyokuwa nafikiri na mimi. Nikaweka picha kwenye stetasi, glasi za chai, chini nimeandika "Glasi za chai 12,000 bei ya jumla". Basi. Kwangu mimi 12,000 ni boksi, na boksi lina glasi 6, hilo hata kijana wangu wa stoo akiamshwa usiku wa manane atakwambia. Dada mmoja wa Tanga akaniandikia "kaka naomba kumi", nikamtajia jumla 120,000 na nauli ya mzigo 10,000, akatuma yote, nikafunga boksi 10, mzigo ukaondoka jioni hiyohiyo.

Kesho yake asubuhi simu. "Kaka umenitumia nusu." Nikamwambia hapana dada, hesabu maboksi, yako kumi. Akasema maboksi ni kumi ndio, ila glasi ni 60, yeye alinunua dazeni 10, yaani glasi 120. Kwake yeye glasi bei ya jumla ni dazeni, kote anakonunua wanamtajia dazeni, na 12,000 gawa kwa 12 inakuja 1,000 kwa glasi, namba imekaa vizuri kabisa, kwa nini aishtukie?

Hapo ndo ujue utata mbaya ni upi. Ingekuwa bei inatoka ya ajabu mtu angeuliza. Yule angepiga hesabu akapata glasi moja shilingi 50 angejua kuna kitu hakiko sawa. Lakini 1,000 na 2,000 zote ni bei ambazo glasi inaweza kuuzwa, kila mtu akabaki na yake kichwani hadi mzigo ulipofunguliwa.

Yeye alikuwa na skrinishoti ya stetasi, mimi sina kitu maana stetasi inafutika yenyewe baada ya masaa 24. Na hiyo skrinishoti ilimsaidia yeye kuliko mimi, kwa sababu hamna neno boksi mahali popote. Tulivyomaliza nitaeleza chini huko.

Sasa bei kamili naiandikaje?

Mimi siku hizi naandika hivi:

"Glasi za chai, boksi lina glasi 6. TZS 12,000 kwa boksi, yaani glasi moja 2,000. Jumla kuanzia boksi 5. Usafiri juu ya mteja. Bei hii mpaka Jumamosi."

Ndefu kidogo ndio, ila angalia neno "kwa". Bei ikishafuatwa na "kwa" lazima kitu kije nyuma yake, kwa boksi, kwa pisi, kwa kilo, kwa pea, huwezi kuiacha inaning'inia. Af hiyo "yaani glasi moja 2,000" ndo mlinzi wako mkubwa. Ukimtajia mtu bei ya fungu na bei ya kimoja kwa pamoja, hata kama neno boksi halijamwingia, namba ya pili itamshtua. Yule dada wa Tanga angeona 2,000 angesema "mbona ghali" na tungeelewana ndani ya dakika moja kabla hela haijatoka.

Na kama picha unayoweka ina glasi sita zimepangwa vizuri juu ya trei, sema kama trei imo au haimo. Watu wananunua picha. Ukipiga picha ya sufuria saba zimepandana kubwa mpaka ndogo ukaandika 25,000, kuna atakayeamini ni zote saba, na sio mjinga.

Kwa wale wanaotumia orodha ya bidhaa ndani ya WhatsApp ya biashara, pale kwenye bei inaingia namba tu, huwezi kuandika "kwa dazeni". Weka kwenye jina la bidhaa lenyewe, "Sahani za udongo dazeni", maana jina ndo linaonekana kwanza, maelezo ya chini watu wengi hawayafungui.

Dazeni si ni 12 tu, hapo kuna ugomvi gani?

Dazeni ni 12, hakuna anayebisha. Ugomvi ni 12 ya nini.

Soksi dazeni ni pea 12, kwa hiyo ukizihesabu mojamoja ni 24. Viatu hivyohivyo. Nani anauza kiatu kimoja? Lakini njoo kwenye vikombe vyenye visosa vyake. Dazeni ni vikombe 12 na visosa 12, au ni vipande 12, yaani vikombe 6 na visosa 6? Nimeona boksi limeandikwa pisi 12 na ndani ni hivyo vya pili, sita na sita. Muuzaji akisoma boksi anakwambia dazeni, hajakudanganya, ila wewe ulitaka kunywesha watu 12 chai.

Mashuka ndo balaa zaidi. Mtu anasema "shuka 25,000". Moja? Pea? Kuna seti ya shuka moja na foronya mbili, kuna ya shuka mbili na foronya nne, na kwenye picha zote zimekunjwa zinafanana. Hapo usiseme seti peke yake, neno seti halina namba ndani yake. Sema "seti: shuka 2, foronya 4, futi 6 kwa 6".

Khanga ndo angalau watu wa pwani tumekubaliana, doti ni vipande viwili. Ila ukimuuzia mtu wa mbali ambaye hajakulia huku, andika tu "doti moja, vipande viwili", haikupunguzii kitu. Jora la kitambaa usilitaje bila mita au yadi zake, kila kiwanda kina jora lake.

Halafu kuna wazee bado wanaongea korija, yaani 20. Mzee mmoja mteja wangu akiagiza mikeka anasema korija mbili, kijana wangu wa kwanza alikuwa haijui hiyo akafunga dazeni mbili, pungufu mikeka 16. Sasa nikisikia korija narudia kwa namba, "mzee mikeka 40, sio?" anasema eeh, yameisha.

Nikiandika bei ya pisi na ya dazeni kwa pamoja si nitawachanganya?

Hutawachanganya ukisema kila bei inaanzia wapi. Tuseme sahani rejareja 3,500, jumla 3,000. Ukiiacha hivyo kesho mtu anakuja anataka sahani mbili kwa 3,000, na yuko sawa, hujamwambia jumla ni kuanzia ngapi. Mwingine atachukua dazeni moja ya sahani sita za bluu na sita za nyeupe, je hiyo bado ni jumla au jumla ni dazeni ya aina moja? Kwangu kuchanganya rangi ruksa, kuchanganya saizi hapana, na nimeiandika ukutani kabisa.

Ila piga hesabu zako kabla hujaposti. Nimeshaona tangazo la mwenzangu, kikombe kimoja 1,500, dazeni 20,000. Kumi na mbili mara 1,500 ni 18,000! Yaani ukinunua kwa wingi unapigwa 2,000 zaidi. Alipandisha bei ya dazeni mzigo mpya ulipoingia akasahau ya pisi. Wateja wakawa wanaagiza "pisi 12" na wanacheka, na hakuwa na pa kukwepea maana yote mawili kaandika yeye.

Vitu vya kilo je? Hapo si mzani unamaliza kila kitu?

Mzani unamaliza kama wote mnajua kinachopimwa ni nini.

Sufuria za aluminiamu kwa jumla tunauza kwa kilo. Mteja wa rejareja hajui hilo, anauliza "sufuria namba 30 bei gani", muuzaji anamjibu "14,000", kwenye kichwa cha muuzaji ni kilo, kwenye kichwa cha mteja ni sufuria. Inawekwa kwenye mzani na mfuniko wake inasoma kilo moja na robo, anaambiwa 17,500, anaona anafanyiwa uhuni. Hajafanyiwa, ila jibu la kwanza lilikuwa bovu. Mjibu hivi: "Kilo ni TZS 14,000, hiyo namba 30 na mfuniko wake inakuja kama kilo moja na robo, kwa hiyo andaa 17,500 hivi." Kama mfuniko haupimwi sema pia. Na uzito hautoki sawasawa kila sufuria, ndo maana inasemwa "hivi", bei ya mwisho ni ya mzani.

Kwa wanaouza nafaka jambo ni zito zaidi, na hapa kuna kitu watu wa mpakani wanakijua vizuri sana. Ukisema gunia la mahindi Tanzania, mtu anafikiria kilo 100. Ukisema gunia Kenya, kwa miaka mingi bei za mahindi zimetajwa kwa gunia la kilo 90, hata kwenye taarifa ya habari ndo hivyo. Sasa chukua mtu wa Namanga anaambiwa "nakupa 4,000 ya Kenya kwa gunia", anakubali, anapeleka gunia 50 zake za kilo 100. Aliyemtajia bei alikuwa anawaza kilo 90, ambayo ni kama shilingi 44 na senti kidogo kwa kilo. Yeye kwa kilo 100 amepata 40 kamili. Kwenye gunia moja ni kilo 10 tu, kwenye gunia 50 ni kilo 500, nusu tani imeondoka na hakuna aliyeiba. Dawa ni moja tu, taja bei kwa kilo, au sema gunia la kilo ngapi kila unapolitaja gunia, kila mara, hata kama unaona unajirudia.

Na lumbesa msiniulize. Gunia limejazwa limeshonewa kilemba juu, bei ni ya gunia "moja". Wakala wa Vipimo wameshasema sana kwamba gunia lisizidi kilo 100 na kufunga lumbesa ni kosa, ila shambani bado unakuta. Mkulima ukitajiwa bei kwa kilo lumbesa inakosa faida yake hapohapo, kilemba nacho kitapanda kwenye mzani.

Ndoo na kisado navyo ni vya ujazo, sio uzito. Ndoo ya lita 20 ya maharage makavu na ya maharage ambayo hayajakauka vizuri hazina uzito mmoja, na kuna anayepima kwa kukata juu na kuna anayepima kwa kuchomoza. Andika "ndoo lita 20, imekatwa" au "imechomoza". Sokoni mnaonana kwa macho, kwa simu mteja haoni mkono wako.

La mwisho la kilo, sema kama ni na kifungashio au bila. Dagaa kilo 20 na gunia lake, au dagaa wenyewe kilo 20? Samaki wa barafu ndo usiseme, barafu nayo ina kilo.

Nikiandika "Sh" au "/=" si inatosha? Mimi niko Tanzania, hela yetu inajulikana.

Inatosha kama wateja wako wote wako mtaani kwako. Tangazo likishatoka kwenye simu yako huna habari linaishia wapi. Shilingi ni ya Tanzania, ya Kenya, ya Uganda, na Somalia pia wana yao, na huku kote tunaandika "/=" nyuma ya namba.

Watu wanadhani hatari ni Kenya. Kenya siyo mbaya sana, na sababu yake ni ileile ya glasi. Shilingi moja ya Kenya kwa miaka hii ya karibuni imekuwa inacheza kwenye kama 20 za kwetu, kwa hiyo mtu wa Mombasa akiona beseni 8,000 atashtuka, elfu nane ya Kenya kwa beseni? Atauliza mwenyewe. Hatari iko kwa hela zinazokaribiana. Ya Uganda iko karibu na yetu, ya kwetu ina nguvu kidogo kuliko ya kwao, faranga ya Burundi na ya Kongo nazo ziko mulemule. Ukimwambia mtu wa Kampala "seti ya sufuria 150,000" anaiona ni bei ya kawaida kabisa kwa hela yake, hana cha kumfanya aulize. Anakutumia 150,000 za Uganda, kwako zinaingia laki na kidogo, au hazifiki. Sasa nani kamdhulumu nani?

Kwa hiyo zile herufi tatu zizoee tu, TZS, KES, UGX, RWF, BIF, CDF, USD. Zinakaa mbele ya namba na hazina ubishi, hata benki ndo wanazotumia. Kama unaona zinatisha wateja wa mtaani andika kwa maneno, "shilingi za Tanzania". Ila usiandike TZS juu halafu chini kwenye tangazo hilohilo "Sh", mtu atadhani ni mbili tofauti.

Na mkato. Sisi tunaandika 12,000 kwa koma. Wenzetu wa Kongo na Burundi waliosoma kwa Kifaransa, koma kwao ni ya desimali, elfu kumi na mbili wanaandika 12.000 au wanaacha nafasi. Hajawahi kunitokea mtu kufikiria glasi ni shilingi kumi na mbili, ila kwenye dola inaweza kuuma, 1,500 ya dola ni elfu moja na mia tano au ni dola moja na nusu? Kwenye dola mimi naandika na kwa maneno.

Basi si niweke bei kwa dola niachane na haya yote?

Ukiwa Tanzania unauza ndani ya nchi, hapana. Tangu mwishoni mwa Machi 2025 kuna kanuni inayokataza kutangaza bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo tangazo la dukani kwako ni shilingi za Tanzania.

Mteja wa Lubumbashi yeye kazoea dola, huko bei nyingi zinatajwa kwa dola, kwa hiyo atakuuliza tu "ni dola ngapi". Mimi namjibu bei ni TZS kadhaa, ukibadilisha leo angalia wewe kwa kiwango utakachopewa huko unakobadilishia. Sijichukulii mzigo wa kiwango. Nilishawahi kumtajia mtu dola, akalipa baada ya wiki mbili, dola ilishashuka, nikabaki nacheka kwa uchungu.

Kwenye vois noti nasema tu "kumi na tano", watu wanaelewa.

Watu wa Dar wanaelewa ni elfu kumi na tano. Sisi tumeshaiacha elfu njiani, "mbili na nusu" ni 2,500, "buku" ni 1,000, "jero" 500, "msimbazi" 10,000. Mkenya ukimwambia jero au msimbazi umemuacha, na yeye akikwambia thao au soo na wewe utababaika. Vois noti ni nzuri kubembelezana bei, ila mkishakubaliana iandike. Meseji moja, namba kamili na sifuri zake zote. Hata "15k" sipendi kwenye meseji ya mwisho, naandika 15,000.

Mteja kasema katuma yote, imefika pungufu, anasema ndo bei tuliyokubaliana.

Hajatuma na ya kutolea! Hili nalo ni swala la bei ingawa watu wanaliona la mtandao. Umemwambia 120,000, katuma 120,000, ukienda kwa wakala kutoa unakatwa. Kwako bei ilikuwa 120,000 mkononi, kwake ni 120,000 aliyotuma. Sema mapema, "120,000 pamoja na ya kutolea juu yako", au mpe lipa namba na umwambie makato ni ya nani. Kutoka nje ya nchi zaidi, maana mtandao unabadilisha hela kwa kiwango chake. Pale naandika "ziingie kwangu TZS 120,000 kamili", na mzigo unaondoka zikishaingia.

Usafiri vilevile. "Bei ni ya dukani Kariakoo" ni maneno matano, yaandike.

Mteja akiagiza kwa namba tu, "nipe kumi", nimjibuje bila kumuudhi?

Usimuulize "kumi nini?", inaonekana kama unamsimanga. Mrudishie oda yake ikiwa imekamilika, yeye aseme ndio tu. Hivi ninavyowaandikia:

"Sawa dada, boksi 10 za glasi za chai, kila boksi glasi 6, jumla glasi 60. TZS 12,000 kwa boksi, jumla TZS 120,000. Basi la Tanga TZS 10,000. Nikipata ndio yako nafunga."

Hiyo "jumla glasi 60" ndo yote. Kila mtu anajua anataka vitu vingapi nyumbani kwake au dukani kwake, hata kama hajui vinafungwaje. Usifunge mzigo mpaka aandike ndio. Dole gumba nalikubali, kimya sikikubali hata kama hela imeshaingia. Ukigundua umekosea kwenye hiyo meseji una dakika 15 tu za kuirekebisha, zikipita tuma mpya useme wazi ile ya kwanza tuiache.

Nimeshakosea, bei haikueleweka, hela nimepokea na mzigo umefika. Nani anabeba?

Mimi naanza na swali moja, aliyeandika tangazo ni nani? Mimi. Kwa hiyo utata ni wangu hata kama sikuwa na nia mbaya.

Turudi kwa dada wa Tanga. Boksi moja mimi nilinunua 10,500, faida 1,500, kwenye boksi 10 faida 15,000. Kumwongezea glasi nyingine 60 ilikuwa kutoa 105,000 mfukoni, haiwezekani, na nilimwambia wazi kwa namba hizohizo. Kuzirudisha kulikuwa na nauli nyingine 10,000, tena glasi, safari ya pili zinapasuka. Tukaongea. Akabaki na glasi 60, nikampunguzia boksi iwe 11,000, nikamrudishia 10,000, na ile nauli ya kwanza 10,000 nikairudisha pia. Jumla 20,000 zimetoka, faida yangu yote imekwenda na 5,000 juu yake. Yeye naye hakupata alichotaka, zile 60 zilizobaki alinunua kwingine.

Tofauti iwe kama hiyo, mkae muongee, gharama ya kubishana inapita pesa yenyewe. Ila kama ulirudisha oda kwa meseji ikiwa na idadi na jumla, akajibu ndio, halafu mzigo ukifika anasema alijua ni dazeni, hapo mtumie ile meseji yake mwenyewe, kwa adabu, usiongeze neno. Imenitokea mara moja tu, jamaa akajibu "poa bro nimeona".

Kuna kampuni inaniuliza bei ni na VAT au bila VAT, niandike wapi?

Palepale kwenye bei, "TZS 12,000 kwa boksi, VAT imo" au "bila VAT". Ukinyamaza mnunuzi wa kawaida atajua imo, kampuni itajua haimo, na risiti ya EFD ndo itawagombanisha.

Nikiandika tu "bei njoo inboksi"?

Utajibu bei ileile watu arobaini, na wa arobaini na moja umechoka utamjibu "12,000".